Karatasi tatu za majaji: kutoa alama kwenye mashindano ya jimnastiki na ngoma za shule

Mwaka mmoja niliitwa kuwa jaji kwenye mashindano ya shule za msingi za kata moja hapa Moshi. Tulipewa karatasi yenye safu sita: ngoma 20, jimnastiki 20, ubunifu 20, nidhamu 15, mavazi 10, umoja 15. Kwa macho, karatasi ilikuwa imetulia. Lakini safu ya ngoma majaji wote tuliwapa watoto 16, 16 na 17, kwa sababu kila kikundi kilicheza vizuri na hakuna aliyetaka kuwavunja moyo. Kwenye mavazi, shule iliyokuja na vitenge vipya vya kufanana ilipata 9, na mbili zilizovaa sare za michezo zilizochakaa zikapata 3 na 4. Ngoma, iliyopewa uzito mara mbili ya mavazi, ilitofautisha shule kwa alama moja. Mavazi yaliwatofautisha kwa sita. Mshindi aliamuliwa na duka la vitambaa.

Jambo hilo wengi hawalioni wanapoandaa karatasi. Uzito wa kipengele hautokani na namba uliyoandika juu ya safu. Unatokana na umbali kati ya alama ya juu na ya chini ambazo majaji wanazitoa kweli. Ukitaka jimnastiki na ngoma viamue, inabidi uwape majaji njia ya kushuka na kupanda, halafu uondoe vipengele vya pembeni vinavyopanda na kushuka ovyo.

Utaratibu ninaoueleza hapa nimeufanyia kazi kwa vikundi vya watoto 12 hadi 16 wa darasa la tano hadi la saba, onyesho la dakika 5 hadi 7 linalochanganya jimnastiki ya chini na ngoma. Haufai kwa halaiki ya watoto mia mbili uwanjani. Ile ina macho yake na haihukumiwi mtoto kwa mtoto.

Gawanya macho ya majaji kwanza

Jaji mmoja hawezi kutazama magoti ya mtoto anayesimama kwa mikono, hapohapo asikilize kama miguu ya wengine iko ndani ya mdundo. Atatazama kimoja na kingine atakibuni. Kwa hiyo tunahitaji majaji saba. Watatu ni wa jimnastiki, wanashika karatasi A. Watatu ni wa ngoma na mpangilio, wanashika karatasi B. Wa saba ni jaji mkuu, anashika karatasi C. Ongeza mtunza muda mmoja na makarani wawili wa kujumlisha, kila mmoja akijumlisha peke yake kabla hawajalinganisha.

Majaji wa A wakae ubavuni mwa eneo la kuchezea, chini kabisa, ili waone mistari ya miguu na namna watoto wanavyotua. Majaji wa B wakae mbele na juu, kwenye jukwaa au hata juu ya madawati yaliyopangwa vizuri, kwa sababu maumbo ya uwanjani hayaonekani ukiwa usawa wa ardhi. Wote wakae mbalimbali, asiweze yeyote kuchungulia kwa mwenzake. Na kama mashindano ni alasiri, hakikisha hakuna anayetazama magharibi. Jua la saa kumi la Moshi litamfumba macho, na hatakiri.

Karatasi A: unaanza na 40 na unakata

Kila shule inatangaza miondoko minane ya jimnastiki kwenye fomu, siku mbili kabla. Kila mwondoko una thamani ya alama 5, ndiyo maana jumla ni 40. Jaji hatoi alama, anakata.

Wazo la kukata tumelitoa kwenye jimnastiki ya kimataifa. Huko jaji wa utekelezaji huanza na 10, akakata 0.1 kwa kosa dogo, 0.3 kwa la kati, 0.5 kwa kubwa na 1 kwa kuanguka. Lakini kule jaji anamtazama mchezaji mmoja. Sisi tuna kumi na wanne wanaobingiria kwa pamoja, na ukijaribu kukata kwa kila goti lililokunjwa utafika sifuri kabla ya mwondoko wa tatu. Hivyo tunakata kwa mwondoko, tukiangalia ni watoto wangapi wamekosea:

| Kinachoonekana | Kata |
|---|---|
| Mtoto mmoja au wawili wana dosari ya umbo | 0.5 |
| Dosari kwa watatu hadi nusu ya kikundi | 1 |
| Dosari kwa zaidi ya nusu | 2 |
| Kuna aliyeanguka, mmoja au zaidi | 3 |
| Mwondoko haukufanyika kabisa | 5 |

Dosari ya umbo na kuanguka vinaweza kukatwa pamoja kwenye mwondoko mmoja, 2 na 3, jumla 5. Zaidi ya hapo hapana.

Dosari ya umbo ni nini? Hapa waandikie majaji wako, usiwaachie wabuni. Goti lililokunjwa pale linapotakiwa kunyooka. Miguu iliyoachana wakati wa kubingiria. Kutua na kuongeza hatua ya kutafuta mizani. Kusimama kwa mikono ambako mgongo umepinda kama upinde na miguu imepita kichwa. Mkono kugusa chini wakati wa kuinuka kutoka kubingiria mbele ni dosari ya umbo. Makalio kugusa chini baada ya kutua ni kuanguka. Mpaka huo wa mwisho uwekwe wazi, kwa sababu ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Acha nafasi ya desimali kwenye kila kisanduku. Linaonekana jambo dogo, lakini mwaka 1976 pale Montreal, Nadia Comăneci wa Romania alipopata 10 kamili, ubao ulionyesha 1.00 kwa kuwa haukutengenezwa kuonyesha 10.00. Karatasi zetu nazo zina visanduku ambamo 28.5 huandikwa ikasomeka 285 au 23.5.

Karatasi B: unajenga kutoka chini

Ngoma haikatwi, inajengwa. Ukimwambia jaji akate kwenye ngoma, atatafuta makosa na kuacha kusikia. Karatasi B ina vipengele vitatu: mdundo 15, umoja 15, na mpangilio wa uwanja 10. Jumla 40.

Tatizo la B ndilo lile la 16, 16, 17. Dawa yake ni kuandika chini ya kila kipengele kile ambacho jaji lazima awe amekiona kabla ya kutoa alama hiyo. Mfano wa umoja:

| Alama | Jaji ameona nini |
|---|---|
| 13–15 | Mstari haukuvunjika. Mikono inafika juu pamoja hata baada ya kubadili maumbo |
| 10–12 | Umoja umevunjika mara moja au mbili, ukarudi ndani ya mapigo manne |
| 6–9 | Kuna watoto wanaotazama wenzao ili wafuate. Umoja unarudi kwa kuchelewa |
| 0–5 | Zaidi ya nusu ya onyesho kila mtoto yuko peke yake |

Ule mstari wa watoto wanaotazama wenzao ni wa thamani kubwa. Mtoto anayejua ngoma hatazami kando. Macho yakianza kukimbia kulia na kushoto, jaji ana ushahidi, hahitaji hisia.

Kwenye mdundo, jaji asikilize ngoma kwanza kwa sekunde kumi na tano bila kutazama, halafu atazame miguu. Shule moja ikicheza bugobogobo ya Wasukuma, pigo la jembe na pigo la mguu vina mahali pake, na mtoto anayechelewa anaonekana kwa jembe lake kabla ya mguu. Ikicheza sindimba ya Wamakonde, kiuno ndicho kinachobeba mdundo, na watazamaji watapiga vigelegele kwa kiuno hata kikiwa nje ya mdundo. Jaji wa B ajizoeze kutosikia vigelegele. Mimi mwenyewe hilo linanishinda mara kwa mara, ndiyo maana naandika alama ya mdundo katikati ya onyesho, kabla shangwe za mwisho hazijanichukua.

Safu ya uasili wa ngoma niliiondoa. Majaji wengi tunaopatikana Moshi na Arusha hatuwezi kusema kwa uhakika kama lizombe ya Wangoni imechezwa kama inavyochezwa Songea. Kama huna mtu anayeijua, usiweke safu ambayo watu watajaza kwa kubahatisha.

Karatasi C: ugumu na makato ya jaji mkuu

Ugumu una alama 20. Miondoko imegawanywa makundi matatu. Kundi la 1, lenye alama 1 kila mwondoko: kubingiria mbele, kubingiria nyuma, kusimama kwa mabega, mizani ya mguu mmoja. Kundi la 2, alama 2: gurudumu la kawaida, kujipinda daraja, kusimama kwa mikono ukishikwa na mwenzako, kuruka mgongo wa mwenzako. Kundi la 3, alama 3: kusimama kwa mikono bila kushikwa na kumalizia kwa kubingiria, gurudumu la mkono mmoja, gurudumu la kutua kwa miguu miwili, piramidi ya ngazi mbili.

Shule hairuhusiwi kuweka zaidi ya minne kutoka kundi la 3. Minne ya alama 3 na minne ya alama 2 ndiyo inafanya 20. Kikomo hiki kipo kwa ajili ya shingo za watoto. Usipokiweka, kila mwalimu atajaza fomu kwa miondoko ya juu ambayo nusu ya watoto wake hawaiwezi. Mwondoko unapata alama yake ya ugumu iwapo zaidi ya nusu ya watoto waliotakiwa kuufanya wameukamilisha.

Samasoti ya hewani, mbele au nyuma, imepigwa marufuku, labda uwe na magodoro ya jimnastiki na mwalimu aliyefunzwa kumshika mtoto. Mkeka wa ukili juu ya nyasi si godoro. Piramidi ya ngazi tatu inasimamishwa papo hapo na jaji mkuu, na shule inakatwa 10.

Makato mengine ni machache. Muda ukizidi dakika 7, kata 1 kwa kila sekunde 15 au sehemu yake, isizidi 4. Ukipungua dakika 5, vivyo hivyo. Amueni mapema saa inaanza lini. Sisi tunaianzisha kwa pigo la kwanza la ngoma au mwendo wa kwanza wa mtoto, chochote kitakachotangulia, kwa sababu wapigaji wengine hupenda kuchangamsha ngozi kwa dakika nzima kabla ya watoto kuingia.

Mavazi hayana alama hata moja. Yana makato tu, ya 2, kwa kitu cha hatari: bangili, shanga ndefu, na hasa njuga miguuni wakati wa kubingiria. Njuga ni pambo na ni ala, siipingi. Lakini mtoto anayefanya jimnastiki azivue kwanza, au njuga zibaki kwa wale wanaocheza ngoma tu. Nimeona kifundo cha mguu kikivuja damu kwa njuga ya chuma ya mtoto jirani.

Kupata jumla: alama ya kati

Kwa karatasi A chukua alama tatu, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, ile ya katikati ndiyo ya shule. Fanya hivyo kwa B. Jumlisha A, B na ugumu, kisha toa makato. Usitumie wastani. Nitakuonyesha sababu kwa shule mbili, Na. 4 na Na. 7.

Na. 4 ilitangaza miondoko minne ya kundi la 3 na minne ya kundi la 2, yote ikakamilishwa na zaidi ya nusu ya watoto: ugumu 20. Majaji wa A walitoa 27, 29 na 28.5. Tutazame karatasi ya 28.5. Kwenye kusimama kwa mikono mtoto mmoja alianguka na zaidi ya nusu walikunja magoti: 5. Piramidi, mmoja aliteleza na kukaa chini, na watatu wa chini walitetereka: 4. Gurudumu la kutua kwa miguu miwili lilikatwa 1. Gurudumu la mkono mmoja, gurudumu la kawaida na kujipinda daraja, 0.5 kila moja. Miwili iliyobaki safi. Jumla ya makato 11.5, na 40 ukitoa 11.5 ni 28.5. Majaji wa B walitoa 31, 39 na 32. Walicheza dakika 7 na sekunde 10, makato 1.

Na. 7 ilikuwa na unyenyekevu. Miwili ya kundi la 3, mitatu ya kundi la 2, mitatu ya kundi la 1: ugumu 15. Majaji wa A: 35, 34.5 na 36. Wa B: 30, 29 na 33. Makato hakuna.

Kwa alama ya kati, Na. 4 ina 28.5 + 32 + 20 − 1, yaani 79.5. Na. 7 ina 35 + 30 + 15, yaani 80. Na. 7 inashinda.

Sasa jaribu wastani. Na. 4 inapata 28.17 kwenye A na 34 kwenye B, jumla 81.17. Na. 7 inapata 35.17 na 30.67, jumla 80.83. Ushindi umehama, na kilichouhamisha ni ile 39 ya jaji mmoja wa ngoma aliyependa onyesho kuliko wenzake wawili. Pengine aliona kitu kweli. Pengine mtoto wa dada yake alikuwa mstari wa mbele. Alama ya kati haihitaji kujua ni lipi.

Karani mwenye kompyuta aandike alama za A kwenye safu B hadi D, za B kwenye E hadi G, ugumu kwenye H na makato kwenye I:

```
=MEDIAN(B2:D2)+MEDIAN(E2:G2)+H2-I2
```

Asiye na kompyuta hakosi kitu. Kuzungushia duara namba ya katikati ni kazi ya kalamu nyekundu.

Bado jaji mkuu atazame pengo. Karatasi tatu za aina moja zikipishana kwa zaidi ya 6, kama 31 na 39 hapo juu, awaite majaji hao kabla ya kutangaza na kuuliza walichoona. Mara nyingi mmoja amejumlisha vibaya. Jaji akisema alama yake ndiyo hiyo, iachwe. Asilazimishwe kuishusha.

Kabla ya kikundi cha kwanza

Asubuhi ya siku yenyewe, majaji watazame pamoja video ya onyesho lolote la shule, ya simu inatosha, kila mtu ajaze karatasi yake kimya. Linganisheni, bishaneni, rudieni mara moja. Nusu saa hiyo itawafanya wote waelewe neno "dosari" kwa namna moja.

Halafu kuna kikundi cha kwanza, ambacho kila mara huonewa. Majaji hubana alama wakiogopa kwamba wazuri zaidi wanakuja. Sisi huomba shule mwenyeji itoe watoto wake wa darasa la tatu au la nne wasioshindana, wacheze kwanza, nasi tunajaza karatasi kamili kisha tunazichana. Mpangilio wa wanaoshindana huamuliwa kwa kura iliyopigwa mbele ya walimu wote.

Chora eneo la mraba kwa chokaa, mita 12 kwa 12. Kwa watoto 16 ninaongeza hadi 15 kwa 15. Kama ni Aprili na masika yamelowesha nyasi, hamishia onyesho ukumbini au futa miondoko yote ya kundi la 3 kwa shule zote, na ugumu uhesabiwe kwa mingine tu. Kama ni Juni Arusha, acha dakika kumi za kupasha viungo moto kabla ya kila kikundi. Mtoto aliyekaa kwenye baridi ya asubuhi tangu saa moja hawezi kujipinda daraja bila kuumia, na dosari utakayomkatia ni ya ratiba yako.

Shule zikilingana, angalia alama ya kati ya A iliyo kubwa zaidi. Zikilingana tena, yenye makato machache. Zikiendelea kulingana, zigawane nafasi. Rufaa ipokelewe kwa hesabu na muda tu, ndani ya dakika 15 baada ya karatasi ya matokeo kubandikwa ukutani ikiwa na alama zote tisa za kila shule: tatu za A, tatu za B, ugumu, makato na jumla.